Sentensi Moja na Mashimo Yake Manne: Kuandika Dhuluma ya Miaka Iliyopita



Usiku mmoja baada ya Isha, ndugu wa mwaka wa tatu alinifuata akiwa na karatasi moja iliyokunjwa mara nne. Akaniambia, "Shekhe, wewe unasoma mambo ya riwaya na wapokezi. Nisomee hii, kisha uniambie kama nikienda nayo polisi watanicheka." Mimi si shekhe, ni mwanafunzi kama yeye, lakini niliisoma. Ameniruhusu kuyaandika haya ili yamfae mwingine, na baadhi ya mambo nimeyabadilisha asijulikane.

Sentensi ya kwanza ya karatasi ile ilikuwa hivi: "Mwaka 2017 nikiwa kidato cha tatu, mlezi wa bweni alikuwa akiniita chumbani kwake kila wiki usiku na kunifanyia mabaya, na kila mtu shuleni alijua."

Nilimwamini tangu aliponikabidhi karatasi, na bado namwamini. Hata hivyo sentensi ile ina maneno manne ambayo kila moja lingeanguka likiulizwa swali moja tu: "2017", "kila wiki", "mabaya" na "kila mtu". Maneno manne yakianguka, anayesikiliza hatayatenga na ukweli uliobaki, atautupa wote. Kwa hiyo tulikaa jioni tatu tukishughulika na sentensi hiyo moja, na makala hii ni habari ya jioni hizo.

Kabla ya hapo kulikuwa na kizuizi kimoja cha moyoni. Alikuwa akijiuliza kama kumtaja mtu kwa ubaya si kusengenya. Jibu liko kwenye kitabu ambacho wengi wetu tunacho chumbani. Imamu Nawawi katika Riyadhus Swalihin ametaja hali sita ambazo kumsema mtu nyuma yake kunaruhusiwa, na ya kwanza ni aliyedhulumiwa kumshitaki dhalimu wake kwa mwenye mamlaka ya kumtendea haki. Zingatia kuwa ni kwa mwenye mamlaka, si kwa kila anayepita. Jambo hili tutalirudia, kwa sababu ndugu yetu alikuwa ameshalikosea kidogo.

Jioni ya kwanza nilimwomba aiweke ile karatasi kando bila kuichana, achukue daftari jipya, aandike peke yake kila anachokumbuka kwa mpangilio wowote kitakavyomjia. Asiangalie simu, asimpigie mtu, asitafute picha za zamani. Aandike kwa lugha ambayo mambo yalisemwa. Kwake ilikuwa Kiganda kwa maneno ya yule mlezi, na Kiswahili kwa mengine. Maneno anayoyakumbuka hasa ayatie kwenye alama za kunukuu, na asiyoyakumbuka aandike "maana yake ilikuwa kwamba". Akifika mahali hakumbuki, aandike "sikumbuki" na aendelee. Mwisho aweke tarehe ya siku ile, saa na sahihi.

Sababu ya kuanza peke yako, bila kuulizwa maswali, ni kwamba swali lenyewe huingia ndani ya kumbukumbu. Mwaka 1974 watafiti wawili wa Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer, waliwaonyesha watu filamu ya magari yanayogongana. Waliowauliza kwa neno zito la kishindo walikadiria mwendo mkubwa kuliko waliowauliza kwa neno jepesi. Baada ya wiki moja, wengi zaidi katika wale wa neno zito walisema waliona vioo vilivyovunjika, na kwenye filamu hakukuwa na vioo vilivyovunjika. Hawakuwa waongo, bali neno la muulizaji lilikuwa limeshakuwa sehemu ya walichokiona. Kwa hiyo hata mimi, rafiki anayesaidia, sikuuliza "alikuwa amelewa?" wala "alifunga mlango?" Nilikuwa na swali moja tu: "Kisha ikawaje?"

Aliandika kurasa tano. Akaniambia tangu mwanzo kwamba jambo moja lililomo ndani linamtia shaka, yaani tochi nyekundu. Miezi miwili kabla alikuwa ameandika kwenye grupu la WhatsApp la waliosoma naye, akiwauliza kama wanamkumbuka mlezi yule. Mmoja akajibu kwa kumtaja yeye na tochi yake nyekundu ya usiku. Sasa ndugu yetu kila akifumba macho anaiona tochi, na hajui kama ni yake au ni ya yule mwenzake.

Tunaosoma elimu ya Hadithi tunalifahamu tatizo hili. Ni mudraji: maneno ya mpokezi yanaingia ndani ya matini, na anayefuata anayapokea kama sehemu ya Hadithi. Wanazuoni hawakuitupa Hadithi nzima kwa sababu hiyo. Waliyatenga maneno yaliyoingia na kubainisha ni ya nani. Nasi tukafanya hivyo. Tochi ikatoka kwenye maelezo ikaenda kwenye ukurasa wake: "Tochi nyekundu: nilisoma kwenye grupu, tarehe fulani. Sina hakika kama niliiona mwenyewe." Ujumbe wa grupu hakuufuta. Ungefutwa na kisha ukapatikana kwenye simu ya mwingine, ingeonekana kana kwamba mashahidi walipanga hadithi moja. Aliacha tu kuandika humo. Nadhani hili ndilo kosa linalofanyika zaidi siku hizi, na linafanywa kwa nia njema kabisa. Mtu anatafuta wenzake waliodhulumiwa, wanasimuliana, na wakifika kwa mpelelezi wana simulizi moja yenye midomo sita. Midomo sita ambayo haikuwahi kusimuliana ingekuwa na nguvu kubwa. Na ukimtaja mtu hadharani mtandaoni, yeye ndiye anaweza kuwa wa kwanza kwenda mahakamani, kwa kesi ya kashfa.

Jioni ya pili tulishika "kila wiki". Nilimuuliza anaweza kueleza mara ngapi ambazo kila moja anaitofautisha na nyingine. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kwa hasira kidogo, "Zilikuwa nyingi, zote zinafanana." Alikuwa anasema kweli, na ndivyo kumbukumbu inavyofanya kazi. Jambo likijirudia, akili haihifadhi kila tukio mahali pake. Inatengeneza picha moja ya "ilivyokuwa kawaida" na kutia matukio yote humo. Ndiyo maana unakumbuka kwamba ulikunywa uji kila asubuhi shuleni lakini huwezi kuitaja asubuhi moja. Anayehoji asiyelijua hili atasema, "Kama yalikupata kweli, mbona huwezi kutaja siku hata moja?"

Kuna milango mitatu ambayo kwa kawaida hufunguka: mara ya kwanza, mara ya mwisho, na mara ambayo jambo fulani lilikwenda kombo. Ya kwanza aliipata upesi, kwa sababu aliitwa walipokuwa wanatoka kuswali tarawehe. Ya mwisho ilikuwa siku ya mpira, wenzake wote wakiwa ukumbini mbele ya televisheni. Mara iliyokwenda kombo ni pale mwanafunzi mwingine alipogonga mlango, na mlezi akamjibu kupitia dirishani bila kufungua. Nilipomwacha anywe chai, ikaja ya nne: siku aliyotoka zahanati ya shule akiwa na malaria.

Basi maelezo yakagawanyika sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ina matukio manne, kila moja na aya yake. Sehemu ya pili ni aya moja yenye kichwa "Ilivyokuwa kawaida", inayosema kwamba zaidi ya hayo manne yapo mengine asiyoweza kuyatenganisha, na kwamba kwa kawaida yalikwenda namna fulani. "Kila wiki" likafutika. Mahali pake pakaandikwa "angalau mara nne, na naamini zaidi". Nambari ikawa ndogo, lakini hakuna wakili atakayeipunguza tena.

Neno "mabaya" tulilimaliza kwa dakika chache, ingawa zilikuwa ngumu kuliko zote. Sisi tumelelewa kusitiri, na mtu mwenye haya huandika "alinifanyia vibaya" akidhani ameeleza. Lakini neno hilo ni la kofi na ni la jambo zito zaidi, na mpelelezi hawezi kulifanyia kazi. Katika maelezo taja mkono ulikuwa wapi, nguo ilikuwa vipi, kiungo kwa jina lake, nani alikuwa amesimama na nani amekaa. Jina la kosa kisheria waachie wao. Ndugu yetu aliandika mistari sita nami nikiwa nje ya chumba. Sikuisoma, na haihitajiki hapa. Jambo moja la kisheria lilimtuliza. Alidhani kwamba kosa la kumnajisi mtoto ni la wasichana tu, lakini hapa Uganda, tangu marekebisho ya Kanuni ya Adhabu ya 2007, linamhusu mtoto yeyote aliye chini ya miaka 18, mvulana kwa msichana.

Jioni ya tatu ikawa ya tarehe, na hapo ndipo karatasi ya kwanza ingemwangamiza.

Alikuwa na uhakika wa 2017. Sikumwambia amekosea, kwa sababu sikujua. Nilimwomba tu achukue kila tukio alifunge kwenye kitu ambacho kina tarehe yake nje ya kichwa chake. Tukaanza na tarawehe. Ramadhani ya 2016 ilianza mwanzoni mwa Juni, na ya 2017 ilianza mwishoni mwa Mei, na zote ziliangukia muhula wa pili. Kwa hiyo Ramadhani peke yake haikutosha kuamua mwaka. Nikamuuliza usiku ule alipita njia gani. Akasema alipita nyuma ya jiko, wapishi walikuwa wanawasha kuni za daku. Kisha akasimama. Alikuwa amekumbuka kwamba jiko lilikuwa jirani na bweni la zamani la mabati, na bweni hilo walilala kidato cha pili. Kidato cha tatu walihamia bweni jipya upande wa pili wa uwanja, na aliyewapokea humo alikuwa mlezi mwingine. Yule wa kwanza alikuwa ameshaondoka.

Ukweli ni kwamba kama angekwenda na 2017, utetezi ungehitaji karatasi moja tu, barua ya kuhamishwa ya mlezi yule, na kesi ingeishia hapo. Na asingekuwa amesema uongo. Mambo mazito ya zamani mara nyingi hutujia kana kwamba ni ya karibu kuliko yalivyo, na kwake 2017 ndio mwaka alioshuka darasani na kuanza kuota ndoto mbaya. Aliyaweka matendo mahali alipoyahisi maumivu.

Siku ya mpira ikatuthibitishia. Kwanza alidhani ni mechi ya Uganda na Komoro, ile iliyotupeleka Kombe la Afrika. Lakini hiyo ilichezwa Jumapili tarehe 4 Septemba 2016, na alipofikiri akakumbuka aliitazama nyumbani na baba yake wakati wa likizo. Mechi ya shuleni ilikuwa ya Kongo Brazavili, ya kufuzu Kombe la Dunia, Jumamosi tarehe 12 Novemba 2016, Uganda ikashinda 1-0. Alikumbuka kelele za goli zikimfikia akiwa katika chumba cha mlezi. Matukio manne yote yakakaa kati ya Juni na Novemba 2016, alipokuwa na miaka 14.

Sasa, usirudi kwenye daftari la jioni ya kwanza kusahihisha. Wengi wangefanya hivyo kwa kutaka kazi safi. Daftari libaki na kosa lake. Ukurasa mpya uandike: "Awali niliandika 2017. Tarehe fulani nimegundua ni 2016, kwa sababu ya bweni na mechi, na hivi ndivyo nilivyogundua." Kosa ulilolifichua mwenyewe linaonyesha unavyofikiri, lakini likifichuliwa na mwingine litaonekana kama uongo. Mahakama zetu zina msimamo wa zamani juu ya hili. Tangu rufaa ya Alfred Tajar mwaka 1969, katika Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, tofauti ndogo katika maneno ya shahidi hazimwangushi isipokuwa zinaonyesha udanganyifu wa makusudi, ilhali tofauti kubwa isiyoelezwa humwangusha. Mwaka wa tukio ni jambo kubwa, ndiyo maana ulihitaji maelezo yake.

Lilibaki "kila mtu alijua". Nilimwomba aandike majina ya hao "kila mtu", na mbele ya kila jina aandike amejuaje kwamba wanajua. Tunawatofautisha wapokezi kwa neno moja: huyu anasema "nilisikia kwake", yule anasema "imenifikia". Orodha ilianza na majina tisa. Saba yalikuwa ya dhana: "lazima walikuwa wanaona." Akabaki mwanafunzi aliyegonga mlango, na binamu yake, ambaye wakati wa likizo ya Desemba 2016 alimwambia kwamba hataki kurudi shule ile kwa sababu mlezi anamsumbua. Hakumwambia zaidi ya hapo, nasi tuliandika hivyo hivyo, bila kukuza. Binamu ni shahidi muhimu, kwa sababu alisikia neno hilo karibu na tukio, miaka mingi kabla ya habari za polisi. Ndugu yetu alimpigia simu, akamwomba aandike anachokumbuka kuhusu mazungumzo ya likizo ile, na hakumsomea hata mstari mmoja wa maelezo yake.

Kuna waliomwambia kwamba kumbukumbu ya mtoto haina uzito. Katika Sahihi Bukhari, Kitabu cha Elimu, yumo Mahmud bin Rabii, aliyesimulia akiwa mtu mzima kwamba Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alimrushia usoni maji aliyoyatia kinywani kutoka kwenye ndoo, naye akiwa na miaka mitano. Wanazuoni waliipokea na kujengea juu yake kanuni: mtoto anaweza kupokea utotoni na kutoa utu uzimani. Ukiitazama riwaya hiyo ni fupi, ina uso, maji, ndoo na umri, bila nyongeza ya kile ambacho mtoto wa miaka mitano asingekijua. Ndugu yetu naye aliondoa kila sentensi iliyoanza na "nia yake ilikuwa".

Kabla ya kwenda kituoni tulimwona mwanasheria wa msaada wa bure. Wapo FIDA, na kuna kliniki ya msaada wa kisheria ya Law Development Centre. Alitueleza mambo mawili ya muda. Kwa makosa makubwa ya jinai kama haya, hapa Uganda miaka kupita haifungi mlango. Kwa madai ya fidia ni tofauti, muda ni wa miaka michache tu, mfupi zaidi ukishitaki serikali, na kwa aliyeumizwa utotoni kwa kawaida huhesabiwa tangu alipofikia utu uzima. Anayefikiria fidia asingoje. Akatuambia pia kwamba sheria ya ushahidi haitaji idadi maalumu ya mashahidi, kwa hiyo kukosa daktari baada ya miaka minane hakumalizi habari. Alama za mwili hazipo tena, na hakuna anayezitarajia. Vinavyoweza kuwapo ni orodha ya bweni, daftari la zahanati ya shule na barua ya uhamisho. Usiende kuviomba mwenyewe shuleni, waandikie polisi mahali vilipo, maana daftari likishaombwa na mlalamikaji linaweza kupotea.

Kituoni aliomba kitengo cha watoto na familia. Alipewa namba ya SD, ambayo ndiyo alama kwamba malalamiko yameingia kwenye daftari la kituo (kwa ndugu zetu wa Kenya ni OB, na Tanzania ni RB). Bila namba hiyo umezungumza tu, hujaripoti. Baadaye jalada likifunguliwa hupewa namba ya CRB. Askari aliandika maelezo kwa mkono, kwa Kiingereza, huku ndugu yetu akisimulia bila kusoma karatasi zake. Alikuwa nazo mfukoni, na nakala yake aliikabidhi mwishoni. Askari alipomsomea, palikuwa na maneno "mara nyingi" mahali aliposema "angalau mara nne". Aliomba pabadilishwe. Askari akasema maana ni moja. Akajibu kwa upole, "Afande, kwangu si moja." Pakakatwa mstari, pakaandikwa upya, wote wawili wakatia sahihi ndogo pembeni, na kila ukurasa ukasainiwa chini. Ilichukua saa tatu na nusu. Usiku ule hakulala, na kwa wiki mbili aliomba tusizungumzie tena jambo hilo. Tulinyamaza.

Kitu kimoja hakikungoja maelezo kukamilika. Tangu jioni ya kwanza alijua kwamba mlezi yule bado anafanya kazi na watoto, kwenye shule nyingine. Hilo aliliripoti siku iliyofuata kwa simu ya bure ya watoto, 116, akisema tu anachokijua: jina, kazi, mahali, na kwamba yeye mwenyewe aliwahi kudhulumiwa naye. Usalama wa mtoto aliye bwenini leo usingoje wewe ukumbuke mechi ilikuwa ya Komoro au ya Kongo.

Hadi ninapoandika, jalada liko kwa mpelelezi, na binamu ameshaitwa kuandikisha maelezo yake. Yule aliyegonga mlango bado hajapatikana, inasemekana yuko Juba kikazi. Ile karatasi ya kwanza, iliyokunjwa mara nne na yenye 2017 yake, imo ndani ya bahasha pamoja na zilizofuata.